Faili Ulilopakua Halifunguki: Ubahatishe Jina, Ulazimishe Kulifungua, au Ulichungulie Kwanza?

Mwalimu mmoja aliingia kwenye steshenari yangu na flashi yenye mafaili matatu. Alikuwa anaomba mkopo, na dirisha la kupokea fomu lilikuwa linafungwa saa nane mchana. Alitaka nimprintie mkataba wake wa ajira, slipu ya mshahara ya mwezi Machi na orodha ya makato. Yote matatu aliyapakua kwenye simu yake usiku uliopita, na hakuna hata moja lililofunguka sawasawa.

La kwanza liliandikwa `Mkataba`, basi, halina nukta wala chochote mbele yake. La pili lilikuwa `slip_machi.pdf`, lina kila dalili ya afya, lakini kisoma PDF kikasema hilo si aina ya faili kinayoitambua au limeharibika. La tatu, `makato.xls`, lilifunguka kwa shingo upande, baada ya Excel kutoa onyo kwamba jina na kilichomo ndani havilingani.

"Dada, yamekufa haya?" akaniuliza.

Hayakuwa yamekufa. Ila kila moja lilikuwa na ugonjwa wake, na dawa ya moja ingeliua jingine. Ndiyo maana nataka kuzilinganisha njia ambazo watu huzitumia faili likigoma, kwa kutumia mafaili ya mwalimu huyu huyu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Zile herufi chache, mara nyingi tatu au nne, zinazofuata nukta ya mwisho, `.pdf`, `.docx`, `.jpg`, huitwa kiendelezi. Windows hukitazama kiendelezi tu ili kuamua ni programu gani ya kuliita faili, haichungulii ndani. Kwa hiyo kiendelezi ni kama karatasi iliyobandikwa kwenye kopo jikoni. Ukibandika "sukari" kwenye kopo la chumvi, chai itaharibika, lakini chumvi haijageuka. Kubadilisha jina kunarekebisha karatasi. Hakugusi kilichomo koponi, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanabadilisha `.jpg` kuwa `.pdf` wakidhani wametengeneza PDF.

Kiendelezi hupotea vipi? Mara nyingi tovuti inakutumia faili bila kuiambia simu jina lake kamili, basi simu inaokota kipande cha mwisho cha anwani na kukifanya jina. Ndiyo maana unakuta mafaili yanayoitwa `download` au `getfile.php`. Sababu nyingine ni mtu aliyelitaja upya faili kabla ya kulituma, akafuta kila kitu pamoja na nukta.

Njia ya kubahatisha

Hii ndiyo njia ya vijana wengi wa mtaani kwetu: ongeza `.pdf`, jaribu, likikataa weka `.docx`, jaribu, likikataa weka `.jpg`. Faida yake ni kasi. Kama mtu aliyekutumia yupo kwenye simu na anakwambia "nimekutumia PDF", huna haja ya uchunguzi wowote. Ongeza `.pdf`, fungua, maliza.

Tatizo ni pale usipojua, kwa sababu faili linaweza kukubali jina lisilo lake na kukudanganya. Mfano ninaouona mara kwa mara ni waraka wa Word ulioshuka ukiwa na jina la `.zip`. Waraka wa `.docx` kwa ndani kweli ni zipu: Word tangu toleo la 2007 hufunga kurasa, picha na mitindo kwenye kifurushi kimoja kilichobanwa. Kwa hiyo ukiuita `.zip` unafunguka bila malalamiko. Mteja anaufungua, anakuta folda `_rels`, `docProps` na `word`, na faili linaloitwa `[Content_Types].xml`, kisha ananiletea folda nzima akiniuliza barua yake iko wapi. Barua ilikuwa kile kifurushi kabla hajakifungua. Tunarudi kwenye faili la mwanzo, tunaondoa `.zip`, tunaweka `.docx`, na barua inatokea.

Hatari ya pili ni ndogo kwa kutokea lakini kubwa kwa madhara. Faili lisilo na kiendelezi ukilibofya kwenye Windows haliendeshwi. Kompyuta inakuuliza tu ulifungue kwa programu gani. Hata kama ndani yake kuna programu ya kuiba nywila, limelala. Anayeliamsha ni wewe, siku unapoambiwa "weka `.exe` mwishoni litafunguka". Katika kubahatisha kwako kote, `.exe`, `.bat`, `.scr` na `.js` zisiwemo kamwe.

Kwa mwalimu nisingeweza kubahatisha. `Mkataba` ungeweza kuwa PDF, Word au picha iliyopigwa kwa simu. Na `slip_machi.pdf` tayari lilikuwa na jina linaloonekana sahihi. Ningebahatisha nini hapo?

Njia ya kulazimisha kwa `Open with`

Hapa jina haliguswi. Unabofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua `Open with`, kisha programu unayoitaka. Baadhi ya programu zina macho yake zenyewe. LibreOffice huchungulia ndani ya faili, haitegemei jina peke yake. VLC hucheza video na sauti nyingi hata zikiwa na jina la ajabu. Kisoma PDF cha SumatraPDF nacho hutazama kilichomo.

Naipenda njia hii kwa kazi ya mara moja: mteja anataka kuprinti tu, hatumi faili popote, ana haraka. Hakuna kinachobadilika kwenye flashi yake, na ukikosea programu unafunga dirisha bila hasara. Sharti ni moja: likifunguka vibaya, limejaa alama za ajabu, na programu ikakuuliza kama uhifadhi, kataa.

Ina mitego miwili. Wa kwanza ni kitufe cha `Always`, au kile kisanduku cha `Always use this app` kwenye matoleo ya zamani kidogo. Ukikichagua huku faili linaitwa `.pdf` na programu uliyoshika ni Word, kuanzia siku hiyo kila PDF kwenye kompyuta hiyo itafunguliwa na Word. Kuna kijana alinifanyia hivyo dukani, na tulihangaika wiki nzima tukidhani ni virusi. Chagua `Just once`.

Mtego wa pili ni kwamba ugonjwa umebaki palepale. Mwalimu angeprinti mkataba wake, sawa, lakini jioni angeupakia kwenye mfumo wa maombi unaodai `.pdf` au `.docx`, na mfumo ungeukataa kwa sababu jina bado halina mkia. Na mtu atakayetumiwa faili lile angerithi shida ileile.

Nilijaribu `Open with` kwenye `Mkataba` kwa LibreOffice na ukafunguka vizuri, kurasa nne. Ningeweza kuishia hapo. `slip_machi.pdf` nalo lilifunguka, lakini badala ya slipu ya mshahara tukaona maneno machache yaliyotawanyika, mojawapo likiwa "Nenosiri". Hapo nikajua pa kuelekea.

Njia ya kuchungulia, kisha kubadilisha jina la nakala

Aina nyingi za mafaili huanza na herufi zilezile siku zote, kama muhuri. Ukiusoma muhuri huna haja ya kubahatisha. Lakini kabla ya kuchungulia fanya mambo mawili.

La kwanza, tengeneza nakala. Bofya faili, `Ctrl+C`, kisha `Ctrl+V` kwenye folda hiyohiyo, na ufanyie kazi nakala. La pili, ifanye Windows ikuonyeshe viendelezi, maana kwa kawaida huvificha. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bofya `View`, kisha `Show`, kisha `File name extensions`. Kwenye Windows 10 ni tiki tu ndani ya `View`. Ukiruka hatua hii utaandika `barua.pdf` kumbe faili tayari lilikuwa na `.pdf` iliyofichwa, na umepata `barua.pdf.pdf`. Au faili lilikuwa `barua.txt`, na sasa ni `barua.pdf.txt` na halitafunguka kama PDF hata ukilibofya mpaka kesho. Ufichaji huohuo ndio unaowafurahisha matapeli: `ankara.pdf.exe` inaonekana machoni kama `ankara.pdf`.

Sasa fungua nakala kwa Notepad. Utaona uchafu mwingi, usishtuke. Wewe tazama mwanzo tu.

| Mwanzoni unaona | Ndani ni | Kiendelezi |
|---|---|---|
| `%PDF-` | PDF | `.pdf` |
| `PK` | zipu, au Word, Excel na PowerPoint za kisasa | chungulia zaidi |
| `ÐÏ` | kwa kawaida Word au Excel ya zamani | `.doc` au `.xls` |
| alama za ajabu, kisha `JFIF` au `Exif` | picha ya JPEG | `.jpg` |
| `‰PNG` | picha ya PNG | `.png` |
| `<!DOCTYPE html` au `<html` | ukurasa wa tovuti | soma chini kabla ya kuamua |
| `MZ` | programu ya Windows | usiguse jina, futa |

Hizo `PK` na `MZ` ni herufi za mwanzo za majina ya watu. Phil Katz ndiye aliyebuni zipu mwaka 1989, na Mark Zbikowski alikuwa mhandisi wa Microsoft. Wametia saini mabilioni ya mafaili bila wengi wetu kujua.

Ukikuta `PK`, bonyeza `Ctrl+F` na utafute `word/`. Ikipatikana, ni `.docx`. Ukikuta `xl/` ni `.xlsx`, na `ppt/` ni `.pptx`. Ukikuta `AndroidManifest.xml` hiyo ni programu ya simu, na kama ulitegemea barua, jiulize imefikaje hapo.

Notepad ina sharti lake: tazama, funga, usihifadhi. Ukibonyeza `Ctrl+S` kwa mazoea, Notepad italiandika upya faili kana kwamba ni maandishi matupu, na zile alama ilizoshindwa kuzisoma zitaharibika. PDF iliyokuwa nzima inakufa hapo, na ndipo utakaposhukuru ulitengeneza nakala. Pia usiipe Notepad video ya mamia ya megabaiti, itaganda. Kwa faili kubwa fungua PowerShell ndani ya folda hiyo na uombe mstari wa kwanza peke yake:

```
Get-Content .\Mkataba -TotalCount 1
```

Kwenye Linux na Mac kazi hii ni nyepesi zaidi, kwa sababu kuna amri inayoifahamu mihuri mingi kuliko mimi:

```
file Mkataba slip_machi.pdf makato.xls
```

Nina kompyuta ndogo ya Linux nyuma ya kaunta kwa ajili ya hii tu. Ilijibu kwamba `Mkataba` ni `Microsoft Word 2007+`, na hayo mengine mawili, yote, ni `HTML document`, yaani ukurasa wa tovuti.

Tukaanza na mkataba. Muhuri umesema, kwa hiyo nilibofya nakala, nikabonyeza `F2`, nikaandika `.docx` mwishoni mwa jina, na kubonyeza `Enter`. Kama faili tayari lina kiendelezi na unakibadilisha, Windows hukuonya kwamba faili linaweza lisitumike tena. Onyo hilo huwatisha watu bure. Jina ukilirudisha lilivyokuwa, faili nalo linarudi lilivyokuwa. Cha kuogopa ni kitu kingine: jina jipya kuangukia juu ya faili jingine lenye jina hilohilo. Windows inakusimamisha, lakini kwenye Linux na Mac amri ya `mv` hulifuta la zamani kimyakimya, kwa hiyo iandike hivi, ili ikikuta jina limeshachukuliwa iache:

```
mv -n Mkataba Mkataba.docx
```

Slipu ya mshahara ilikuwa kisa tofauti. Faili lilikuwa na kilobaiti 9 tu, na muhuri wake ni `<!DOCTYPE html`. Nikashuka mistari kadhaa ndani ya Notepad nikakuta neno "Ingia", kisha mahali pa jina la mtumiaji na nenosiri. Kilichotokea ni hiki: mwalimu aliingia kwenye mfumo wa mishahara, akaacha simu kidogo, muda wake wa kuingia ukaisha, kisha akabofya kupakua. Mfumo ukamletea ukurasa wa kuingia upya, na simu ikauhifadhi kwa jina la slipu. Slipu haikuwahi kufika.

Hapa kubadilisha jina hakusaidii kitu. Ukiliita `.html` utaona ukurasa wa kuingia vizuri kabisa, na bado huna slipu. Dawa ni kuingia tena na kupakua upya. Ndiyo maana sasa naanza na ukubwa kabla ya muhuri: hati uliyotegemea iwe ya kurasa kadhaa, kisha ina kilobaiti chache, au sifuri, huenda haikufika. Vivyo hivyo ukikuta jina linaishia na `.crdownload` au `.part`. Hilo ni faili ambalo kivinjari hakijamaliza kulipakua, na kulikata mkia hakulimalizii safari.

La makato lilikuwa na HTML vilevile, lakini hii ilikuwa na jedwali lenyewe la makato ndani. Mifumo mingi ya ofisi hutoa ripoti kwa mtindo huu: inaandika jedwali la tovuti na kulibandika jina la `.xls`, ikitegemea Excel itavumilia. Na Excel huvumilia, ila kwa onyo. Kishawishi ni kulirekebisha kwa kuandika `.xlsx`, maana ndiyo "ya kisasa". Nilimwonyesha mwalimu kwenye nakala, na Excel ikagoma kabisa, ikisema muundo au kiendelezi si halali. Kwa `.xls` Excel hukubali kuchungulia. Kwa `.xlsx` inataka ile zipu yenye `PK`, na haikuwepo.

Kwa faili hili njia sahihi ni kulifungua kwa jina lake la `.xls`, kukubali onyo kwa kuwa tunajua limetoka wapi, kuhakikisha tarakimu zimekaa kwenye safu zake, kisha `Save As` na kuchagua `Excel Workbook (*.xlsx)`. Hapo kopo lenyewe limebadilishwa, siyo karatasi tu.

Njia ya tovuti za kubadilisha mafaili

Hii nitaipitia haraka. Kuna tovuti zinazoahidi kutengeneza au kubadilisha faili lolote bure. Nyingi hutazama kiendelezi kama Windows, kwa hiyo faili lisilo na mkia zinalikataa mlangoni. Zisipolikataa, umeacha mkataba wa ajira, mshahara na namba ya kitambulisho kwa mtu usiyemjua. Kwa picha ya ua, sawa. Kwa mafaili ya mwalimu, hapana.

Basi uchague ipi

Kama aliyekutumia faili anajua ni nini na unaweza kumuuliza, bahatisha kwa kufuata neno lake. Kama unataka kusoma au kuprinti mara moja tu, tumia `Open with` na `Just once`. Kama faili litatumwa kwa mtu mwingine, litapakiwa kwenye mfumo, au hujui limetoka wapi, chungulia kwanza. Kwangu inachukua dakika mbili, na mara nyingi ndiyo inayoniambia kwamba suala la jina halipo kabisa.

Kwenye simu peke yake hali ni ngumu kidogo. Programu za mafaili hukuruhusu kubadilisha jina, lakini kuusoma muhuri kunahitaji programu ya ziada. Huko mimi hutazama ukubwa, nampigia aliyetuma, na nikishindwa nalihamishia kwenye kompyuta.

Mwalimu aliingia tena kwenye mfumo wa mishahara akiwa amesimama pale kaunta, akabofya kupakua papo hapo kabla muda haujaisha. Slipu mpya ikaja na kilobaiti 84. Nilipoichungulia ilianza na `%PDF-1.4`. Nikaprinti zote tatu, kurasa saba, akalipa, akatoka mbio saa saba na nusu.

"Na ile ya zamani kwenye flashi?" akaniuliza akiwa mlangoni.

Nikamwambia nimeshaifuta. Ilikuwa na jina lilelile.